Kazi ya mshauri wa mifumo ya ERP: Kijana aliyemaliza chuo aingilie wapi?

Wiki chache zilizopita binti wa jirani yangu, mwenye shahada ya biashara na mwaka mzima wa kutafuta kazi, alinijia na tangazo kwenye simu. Kampuni moja ilitaka "mshauri wa ERP, upande wa fedha na stoo". Akaniuliza, "Ami, hii si kazi ya watu wa kompyuta? Mimi sijui kuandika programu." Nikamwambia, "Mwanangu, hii ni kazi ya mtu anayejua hesabu na stoo. Kompyuta ni chombo tu."

Nilisomea diploma ya ununuzi na stoo, na mara mbili nimekuwa kazini kampuni ikihamia mfumo mpya. Mara zote mbili nilivutiwa na wale vijana walioletwa kutuhamisha. Wengi wao hawakuwa watu wa programu. Walikuwa wahasibu na watu wa ununuzi waliojifunza mfumo mmoja vizuri. Ndiyo maana nimeona niieleze kazi hii kwa utaratibu, kwa kuwa vijana wetu wengi wanaosomea uhasibu, ugavi na biashara hawajui kuwa mlango huu upo.

Kazi yenyewe ni ipi

ERP ni mfumo mmoja wa kompyuta unaounganisha vitabu vya hesabu, stoo, ununuzi, mauzo na mara nyingine mishahara. Stoo ikipokea mzigo, vitabu vya hesabu vinabadilika papo hapo bila mtu mwingine kuandika tena. Walioipa kaunti huduma au bidhaa wamesikia habari za IFMIS, mfumo ambao serikali hutumia kulipa. Huo ni wa aina hii. Kampuni kubwa hutumia SAP au Oracle, za kati hupenda Microsoft Dynamics 365 Business Central au Odoo, na ipo pia ERPNext, ambayo msimbo wake uko wazi na mtu anaweza kuiweka bila kulipa leseni.

Mfumo ukinunuliwa, haufanyi kazi siku hiyo hiyo. Lazima mtu akae na mhasibu, mtu wa stoo na muuzaji, aulize kazi inakwenda vipi, halafu auambie mfumo mambo hayo: akaunti zipi zitumike, nani aidhinishe ununuzi wa kiasi gani, bidhaa ipimwe kwa kilo au kwa katoni. Huyo ndiye mshauri wa kazi. Mwenzake, mshauri wa kiufundi, ndiye anayeandika programu pale mfumo unaposhindwa na jambo la pekee. Wa kwanza huzungumza na watu, wa pili huzungumza na mashine, ingawa kila mmoja lazima amwelewe mwenziwe.

Ujuzi unaotazamwa kwanza

Ukiitwa kwenye usaili, swali la kwanza halitakuwa kuhusu kubonyeza vitufe. Utaulizwa swali kama hili: "Kampuni imeagiza mifuko 200 ya saruji, imepokea 180, na msambazaji ameleta ankara ya mifuko 200. Mfumo ufanye nini?"

Anayejua kazi atajibu kwamba kuna karatasi tatu: agizo, hati ya kupokelea mzigo na ankara. Mfumo unapaswa kuzilinganisha zote tatu. Kwa kuwa kilichopokelewa ni 180, ankara ya 200 isimame, isilipwe, mpaka msambazaji alete mifuko 20 au apunguze deni. Kisha ataongeza swali lake mwenyewe: je, mzigo wa 180 ulipoingia stoo kabla ya ankara kuja, deni hilo limeandikwa wapi kwenye vitabu? Jibu ni akaunti ya katikati, ya mizigo iliyopokelewa lakini bado haijaletewa ankara. Kijana anayeweza kueleza akaunti hiyo kwa maneno yake ana nafasi kubwa kuliko mwenye vyeti vitatu asiyeijua.

La pili ni Excel. Data ya kampuni huja ikiwa chafu, na wewe mgeni ndiye utakayepewa kuisafisha. Jua kutafuta majina yaliyojirudia, kuondoa nafasi zilizojificha mwishoni mwa maneno, na kulinganisha orodha mbili. Fomula kama hii hukuonyesha nambari ya mteja iliyoandikwa zaidi ya mara moja:

```
=IF(COUNTIF(A:A,A2)>1,"imejirudia","sawa")
```

La tatu ni sheria za hapa kwetu. Kodi ya VAT ya kawaida ni asilimia 16, na marejesho yake hupelekwa KRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ankara za mauzo hupitia eTIMS. Mfumo uliotengenezwa Ulaya au India hauyajui haya mpaka mtu auambie, na mtu huyo ni wewe.

Vyeti, na wakati wa kuvitafuta

Kosa la vijana wengi ni kukimbilia cheti kabla ya kuchagua mfumo. Chagua mfumo mmoja na upande mmoja, ama fedha, ama stoo na ununuzi. Usiseme unajua vyote.

Kwa mtu wa hapa Pwani anayelenga kampuni za kati, Business Central ni chaguo zuri. Mtihani wake wa mshauri unaitwa MB-800. Masomo yake yako bure kwenye Microsoft Learn, alama ya kupita ni 700 katika 1,000, na cheti huhuishwa kila mwaka kwa mtihani mfupi wa mtandaoni usiolipiwa. Mfumo wenyewe una kipindi cha majaribio, ndani yake mkiwa na kampuni ya mfano iitwayo CRONUS ambayo unaweza kuichezea bila hofu ya kuharibu kitu.

SAP ina heshima kubwa na malipo mazuri, lakini kupata mfumo wa kufanyia mazoezi ni gharama kwa kijana asiye na kazi. Wengi huifikia kupitia mwajiri. Kwa kujizoeza uhasibu na stoo kwa pamoja bila leseni, ERPNext inatosha. Odoo nayo ina toleo la bure, ila uhasibu wake kamili uko kwenye toleo la kulipia.

Usidharau CPA ya KASNEB. Kwa upande wa fedha, mteja humwamini haraka mtu anayezungumza lugha ya mhasibu wake. CPA hata ya nusu njia, pamoja na cheti kimoja cha mfumo, ina uzito kuliko vyeti vingi vya mifumo isiyofanana.

Mradi wa kwanza: salio za kuanzia

Sasa nije kwenye kiini. Kijana mpya hapewi kuongoza mikutano. Hupewa kazi ambayo wakubwa huiona ya kuchosha: kuhamisha salio kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Hapo ndipo mshauri hupimwa, kwa sababu kosa la siku ya kwanza litawafuata wateja mwaka mzima.

Tuchukue mfano wa kubuni. Duka la jumla la vifaa vya ujenzi mjini Mombasa linahamia ERPNext tarehe 1 Januari. Mhasibu anakupa urari wa tarehe 31 Desemba, yaani orodha ya salio zote za vitabu, kwa shilingi:

- Benki: 2,600,000
- Wadaiwa (wateja): 3,232,000
- Bidhaa za stoo: 9,500,000
- Magari na vifaa: 4,000,000
- Wadai (wasambazaji): 5,100,000
- VAT inayodaiwa na KRA: 350,000
- Mtaji na faida iliyobaki: 13,882,000

Nne za mwanzo ni mali na jumla yake ni 19,332,000. Tatu za mwisho ni madeni na mtaji, na jumla ni hiyo hiyo. Urari uko sawa.

Mgeni atataka kuziingiza namba hizi saba na kwenda nyumbani. Lakini mfumo hauhitaji tu kujua kuwa wateja wanadaiwa 3,232,000. Unataka kujua nani anadaiwa, kwa ankara ipi, na inatakiwa kulipwa lini. Kwa hiyo ankara za wateja huingizwa moja moja, na kila ankara ikiingia, mfumo wenyewe huongeza akaunti ya wadaiwa. Ukiingiza ankara zote na pia ukaandika mstari wa wadaiwa kutoka kwenye urari, wateja watadaiwa 6,464,000. Hili ni kosa la kawaida kabisa la mradi wa kwanza.

Dawa yake ni akaunti ya muda. ERPNext huja nayo ikiwa tayari, inaitwa `Temporary Opening`. Kwenye mifumo mingine utaifungua mwenyewe. Kazi inakwenda hivi.

Kwanza, ingiza ankara za wateja kwa kutumia `Opening Invoice Creation Tool`. Wadaiwa wanaongezeka 3,232,000, na upande wa pili wa hesabu unaingia kwenye akaunti ya muda. Fanya vivyo hivyo kwa wasambazaji, 5,100,000. Kisha ingiza stoo kwa `Stock Reconciliation`, ukichagua `Opening Stock`, 9,500,000. Kufikia hapo akaunti ya muda ina 3,232,000 na 9,500,000 upande wa kulia, na 5,100,000 upande wa kushoto. Tofauti ni 7,632,000 upande wa kulia.

Mwisho, andika jarida moja la vilivyobaki. Benki na magari ni 6,600,000 upande wa kushoto. VAT na mtaji ni 14,232,000 upande wa kulia. Ili jarida lilingane linahitaji 7,632,000 upande wa kushoto, nazo unaziandika kwenye akaunti ya muda. Akaunti inarudi sifuri. Sifuri hiyo ndiyo shahidi wako. Isipokuwa sifuri, usiruhusu duka lifunguliwe kwa mfumo mpya.

Sifuri ikikataa kuja

Tuseme ukajumlisha orodha ya ankara za wateja uliyopewa, ukapata 3,000,000 badala ya 3,232,000. Akaunti ya muda itabaki na 232,000. Kuna watakaokwambia uitupe tofauti hiyo kwenye akaunti ya "mengineyo" ili kazi iishe. Usikubali. Keti na mhasibu, pitieni maingizo yaliyoandikwa kwa mkono kwenye akaunti ya wadaiwa ndani ya miezi ya mwisho.

Katika mfano wetu mnakuta hundi ya shilingi 232,000 iliyorudishwa na benki mwezi wa Novemba. Mhasibu alilirudisha deni kwenye kitabu kikuu, lakini hakuligusa kwenye akaunti ya mteja mwenyewe. Kitabu kikuu kinasema mteja anadaiwa, ukurasa wake unasema amelipa. Kama mngeifuta tofauti ile, duka lingepoteza deni halali na mteja asingeulizwa kamwe. Ankara yake inarudishwa kwenye orodha, jumla inakuwa 3,232,000, na sifuri inakuja.

Ulinganisho huu ufanye kabla ya kuingiza chochote, angalau mwezi mmoja kabla ya siku ya kuanza. Ukiugundua usiku wa tarehe 31, hakuna atakayekuwa na subira ya kutafuta hundi ya Novemba.

Kodi isihesabiwe mara mbili

Kati ya ankara zile ipo ya tarehe 20 Desemba: mali ya shilingi 100,000 na VAT 16,000, jumla 116,000. Mauzo hayo ni ya Desemba, na VAT yake tayari imo katika ile 350,000 ya kwenye urari. Ukiiingiza kama mauzo ya kawaida yenye kodi, mfumo utaandika 16,000 nyingine, na ripoti ya VAT itakuwa na kodi ambayo duka halidaiwi.

Kwa hiyo iingize kama salio la 116,000 bila kodi. Iachie tarehe yake halisi na tarehe yake ya kulipwa. Ukiipa tarehe 1 Januari, ripoti ya madeni yaliyochelewa itaonyesha kila mteja kuwa mpya, na mwenye duka hatajua nani wa kufuatwa. Hakikisha pia kwamba ankara hizi za zamani hazitumwi tena eTIMS. Ikiwa mfumo umeunganishwa, muunganisho uwashwe baada ya salio kuingia.

Kosa la stoo linalojificha

Sifuri ya akaunti ya muda haikamati kila kitu. Duka lina katoni 40 za misumari, kila katoni kilo 25, na bei ya kununulia ni 3,500 kwa katoni. Thamani ni 140,000. Kwenye mfumo mpya mmekubaliana kipimo cha msingi kiwe kilo, kwa sababu mafundi hununua kwa kilo.

Aliyejaza Excel akaandika idadi 40, bei 3,500, kipimo kilo. Thamani bado ni 140,000. Stoo inalingana na urari, akaunti ya muda ni sifuri, na kila mtu anafurahi. Lakini mfumo sasa unaamini kuna kilo 40 tu, kila moja ikigharimu 3,500. Fundi akinunua kilo 10 kwa shilingi 180 kila kilo, mauzo ni 1,800 na gharama inayoandikwa ni 35,000. Duka linaonekana limepata hasara ya 33,200 kwa misumari ya fundi mmoja. Kilichopaswa kuandikwa ni kilo 1,000 kwa bei ya 140, na gharama ya kilo 10 ingekuwa 1,400.

Utalijuaje mapema? Kabla ya siku ya kuanza, weka bei ya kununulia na bei ya kuuzia za kila bidhaa ubavuni mwa nyingine, kwa kipimo kile kile. Bidhaa yoyote inayouzwa chini ya gharama yake ichunguze kwa macho. Halafu chukua bidhaa 20 za thamani kubwa, nenda stoo pamoja na mtunza stoo, mhesabu. Fanya hivi mapema, kwa sababu bidhaa ikishaanza kununuliwa na kuuzwa, ERPNext na Business Central hazikuruhusu kubadilisha kipimo chake cha msingi. Itabidi ufungue bidhaa mpya na kuhamisha iliyobaki.

Kujaribu na kufundisha

Salio likiwa tayari, kijana hupewa kazi mbili nyingine: kuandaa majaribio na kuwafundisha watumiaji. Jaribio zuri halisemi "angalia kama ankara inafanya kazi". Linasema: "Mteja mwenye kikomo cha deni cha 200,000 tayari anadaiwa 180,000. Mwandikie mauzo ya 50,000. Mfumo umezuia?" Kila jaribio liwe na jibu linalotarajiwa na jina la aliyelifanya, na mteja atie sahihi.

Kwenye mafunzo ndipo kijana wa hapa ana faida. Mara nyingi mafunzo huletwa kwa Kiingereza na picha za skrini. Mtunza stoo wa miaka 20 kazini anatikisa kichwa, halafu anarudi kwenye daftari lake. Mkalishe mbele ya kompyuta, mwambie kwa Kiswahili chake apokee mzigo halisi uliofika asubuhi ile, wewe mikono yako ikiwa mfukoni. Akikwama, andika mahali alipokwama. Huenda ni mfumo uliopangwa vibaya, wala si yeye.

Unaingilia wapi

Waajiri wa kazi hii ni kampuni washirika, zile zinazouza na kuweka mifumo ya watu wengine, na nyingi ziko Nairobi. Lakini upo mlango wa pili, na nadhani ndio ulio karibu zaidi nasi. Ingia kazi ya kawaida ya uhasibu, ununuzi au stoo katika kampuni inayotumia ERP au inayotarajia kuhamia. Kampuni ikihama, kila idara hutoa mtu mmoja wa kufanya kazi na washauri. Jitolee uwe wewe. Ukimaliza mradi mmoja toka mwanzo hadi mwisho, unayo hadithi ya kweli ya kusimulia kwenye usaili.

Kabla ya hapo, fanya nilichomshauri binti wa jirani. Weka ERPNext, ingiza duka lile la mfano na salio zake saba, uharibu kwa makusudi, kisha urekebishe. Juzi alinitumia picha ya skrini. Akaunti ya muda ilikuwa bado na 232,000. Sikumwambia ni nini. Nilimuuliza tu, "Umetazama hundi zilizorudi?"